Mistari ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wetu huchora mistari kwa sabuni, na mstari wa sabuni una unene. Hasira yangu ilianzia hapo, na leo ninapoandika haya bado sijaufikia mwisho wake.

Nieleze kwanza, maana nikikasirika bila kueleza nitaonekana mwendawazimu, na nimeshaonekana hivyo mara ya kutosha pale mtaani kwetu Izia, Sumbawanga.

Sisi ni wanawake watano tunaoshona pamoja katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Tunashona mshono wa Kijapani unaoitwa sashiko. Ukiutazama haraka utadhani ni bandi tu, ile mishono ya kushikiza nguo kabla ya kuipeleka kwenye cherehani, na kweli sindano inatembea vilevile, inaingia na kutoka, inaingia na kutoka. Tofauti ni kwamba bandi hufumuliwa, na hii hubaki. Ni uzi mweupe mnene juu ya kitambaa cheusi, unaoshika tabaka mbili kwa pamoja, na kila mshono unatakiwa ulingane na mwenzake. Juu unaonekana mrefu kidogo, chini mfupi kidogo, na kati ya pembe moja ya mraba na nyingine idadi ya mishono haibadiliki. Mishono ikitofautiana, jicho linaona hata kama hujui kushona. Utasikia tu kwamba kitu kimekaa vibaya.

Tulifundishwa na binti wa Kijapani aliyekuja kujitolea katika chuo cha ushonaji hapa mjini. Alikuwa mdogo kiasi cha kuwa mwanangu na alikuwa mkali kuliko mama yangu. Alipoondoka alituachia sindano ndefu, nyuzi chache na rula ya chuma ya mita moja. Nyuzi ziliisha, sasa tunatumia uzi wa kufumia vitambaa vya makochi. Kitambaa cha juu tulikipata wenyewe. Ni kaniki, ile pamba nyeusi, ile ile wanayoinunua akina mama wa Kisukuma wakipanda mjini kutoka Milepa, kule bondeni. Tunailoweka na kuifua mpaka iache kutoa rangi na imalize kuvuta na kupungua, halafu chini yake tunaweka marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, nayo imefuliwa. Mwalimu wetu alipoiona kaniki mara ya kwanza aliipapasa, kisha akasema kwao bibi zake walivaa kitu kama hiki shambani. Tangu siku hiyo hatukutafuta kitambaa kingine.

Sasa mistari. Ua tunaloshona ni la majani yanayopangwa ndani ya miraba, kwa hiyo kabla ya sindano kuna miraba, na miraba ikikosewa hakuna mkono utakaoiokoa. Mwalimu alitufundisha hivi: unalaza rula ya chuma kutoka ukingo hadi ukingo, na kabla ya kuinyanyua unaweka nukta kwenye tatu, kwenye sita, kwenye tisa, mpaka mwisho. Unafanya hivyo ukingo wa pili. Halafu unaunganisha nukta na nukta. Kila nukta imepimwa kutoka sifuri ile ile, kwa hiyo ukikosea moja, kosa linabaki pale pale na halimwambukizi jirani. Ukimaliza unapima kutoka kona hadi kona, mshazari huu na mshazari ule, na vipimo viwili visipolingana kitambaa chako kimelala upande na unaanza upya.

Mwenyekiti hafanyi hivyo. Anachora mstari wa kwanza. Halafu anaegesha rula kwenye mstari aliouchora, anapima sentimita tatu, anachora. Anaegesha tena kwenye huo mpya, anapima, anachora. Kipande cha sabuni anakichonga kwa wembe, lakini hata ukichonge vipi mstari wake una unene, na yeye huegesha rula upande wa nje. Kwa hiyo kila mraba unakula unene wa mstari mmoja. Ukiangalia mraba mmoja huoni kitu. Ukiangalia kitambaa kizima, mistari imetembea.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu, nikimkuta ni shikamoo kwanza ndipo mengine.

“Dada, kwa nini usiilaze rula mara moja tu?”

“Mdogo wangu, mimi nimeshona kabla wewe hujaolewa.”

Ikaishia hapo. Wale wengine watatu wakainamia kazi zao. Hicho ndicho chama chetu, ukisema la kweli wenzako wote wanapotelewa na sindano.

Mwaka jana binti yangu akaposwa. Ni mwalimu wa shule ya msingi Namanyere, na kijana aliyemposa anafanya kazi ofisi za halmashauri huko huko, ila kwao ni Mbeya. Wakwe ni watu wa ofisini, watu wa kuvaa vizuri na kutazama vizuri. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ikapangwa Julai, baada ya mavuno, na chama kikaamua kushona shuka la juu la kitanda, kama tunavyofanya kwa binti wa kila mwanachama. Shuka hilo ni vipande vinne vinavyounganishwa, na wanawake wanne, kila mmoja anashona chake.

Wanne, siyo watano. Mama wa binti hashiki sindano. Hiyo ni sheria ya mwenyekiti na sijui aliitoa wapi, maana mama yangu hakuwahi kuniambia na bibi yangu alikuwa Mfipa wa Kifipa kabisa. Anasema mama akimshonea mwanawe kitanda, amemshonea kamba ya kumvuta arudi nyumbani, na ndoa haikai. Wenzangu wameiamini kiasi kwamba haijadiliwi tena. Yule mwenzetu ambaye binti yake aliolewa kabla ya wangu alikaa wiki zote zile akitupikia chai, sindano haigusi, na binti yake anaishi vizuri na mume wake, kwa hiyo sheria ikathibitishwa. Ukiuliza wangapi walishonewa na mama zao na bado wako kwa waume zao, unaambiwa una ubishi.

Basi nikapika chai. Mwezi wa sita Sumbawanga upepo unakata mpaka ndani ya mifupa, na mimi nikawa nakaa mlangoni na birika nikiwatazama wenzangu wanne wakishona kitanda cha mwanangu. Ni mimi ninayechora miraba ya kila mtu katika chama kile, isipokuwa mwenyekiti. Safari hii nikaambiwa hata sabuni nisishike. Kila mmoja achore mwenyewe.

Watatu walichora nilivyowazoeza, kwa rula iliyolazwa mara moja. Mwenyekiti akachora alivyozoea.

Niliona siku ya kwanza. Sikuhitaji kupima. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe mkononi, nikaona mistari yake inavyoachana na ya jirani aliyekaa naye. Nikasema, “Dada, hebu tupime upya kutoka sifuri.”

“Kaa chini, mama harusi,” akasema. “Chai inapoa.”

Wakacheka. Nami nikakaa.

Nataka kuwa mkweli kuhusu mkono wake, kwa sababu hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mshono wa yule mama sina la kuusema. Ana kipande cha ngozi ya ng'ombe anachokivaa kiganjani, sindano anaiegemeza hapo na haitikisiki. Kinachotembea ni kitambaa, anakikunja juu ya sindano kidogo kidogo mpaka imebeba mishono mitano au sita, ndipo anavuta. Akishavuta anapitisha vidole juu ya mstari, anakinyoosha kitambaa mpaka uzi utulie na ulegee kidogo. Tabaka mbili hazigombani. Kwenye kona huacha uzi wa ziada upande wa nyuma, kajitanzi kadogo, ili nguo ikivutwa au ikifuliwa isijikunje. Mistari inapokutana katikati ya jani haruhusu mishono ipandane, anaacha katundu kadogo keusi, na hako katundu kanakuwa sawa kila mahali. Ningeweza kumwangalia siku nzima. Mtu mwenye mkono kama ule anawezaje kuwa na shingo ngumu kama ile? Nilikuwa namimina chai huku nikijiuliza hivyo, na chai ikamwagika.

Wiki tatu kabla ya sendofu vipande vikawa tayari. Tukavitandika sakafuni tuvione pamoja kabla ya kuviunganisha kwa cherehani. Kila kipande ni sentimita tisini kwa tisini, ukiacha pindo, kwa hiyo kila upande una miraba thelathini ya sentimita tatu tatu. Vipande vitatu vikakaa kama vimezaliwa pamoja. Cha nne kikawekwa kwenye kona yake.

Mwenyekiti akainama, akaonyesha kona ya juu. “Mnaona? Mstari na mstari.” Kweli, ilikutana. Akaenda kona ya chini. “Na huku. Mstari na mstari.” Na huko pia ilikutana. Akanitazama. “Haya, sema sasa.”

Nilipiga magoti. Nikahesabu. Kipande chake kilikuwa na miraba ishirini na tisa.

Mnaelewa alichofanya? Ule unene wa sabuni, milimita moja moja, ulijumlishana mpaka ukameza mraba mzima. Mwanzo mistari inakutana, mwisho mistari inakutana, kwa sababu anayekosa mraba mzima anarudi kwenye mstari. Ila katikati, pale jicho linapoangukia mtu akifungua mlango wa chumba cha kulala, mistari yake ilikuwa inaangalia katikati ya miraba ya jirani. Kila jani lilikuwa limekatwa kiuno. Na kwa sababu kipande kinapakana na wenzake wawili, kilikuwa hivyo pande mbili.

“Katikati,” nikasema. “Dada, angalia katikati.”

Akaangalia. Aliangalia muda mrefu kidogo kuliko anavyoangaliaga vitu. Halafu akasema, “Kitambaa cha kwao kimevuta.”

Kimevuta. Vipande vitatu vya wanawake watatu, vilivyofuliwa siku tatu tofauti, vimevuta vyote kwa pamoja kwa kiasi kile kile ili vimsingizie yeye.

Niliwageukia wenzangu. Mmoja, huyu ndiye mwenye cherehani na ni jirani yangu, akasema tunaweza kuweka utepe wa kitenge katikati ya vipande, mtu asione. Mwingine akasema shuka likishatandikwa na mito juu nani ataona. Wa tatu akasema amechelewa kwenda kuchukua mtoto. Hakuna aliyesema ishirini na tisa. Wote walikuwa wamehesabu, niliona midomo yao inatembea.

“Utepe,” akasema mwenyekiti. “Utepe mwekundu utapendeza.”

Nilipandisha sauti. Nilisema mambo mengi na mengine yalikuwa ya shuka na mengine hayakuwa. Nilisema huyu ni mwanangu wa pekee wa kike. Nilisema wakwe wa Mbeya watatandikiwa utepe mwekundu wa kuficha ubishi wa mtu mmoja. Mwenyekiti aliinuka. Alivaa sweta lake, akachukua mkoba, akafika mlangoni akasema, “Mama wa binti huwa na hasira, ni kawaida.” Akaondoka. Yaani hata hasira yangu aliifanya sehemu ya sherehe.

Jioni hiyo binti yangu alipiga simu kutoka Namanyere. Nilimweleza kwamba mistari ya vipande haikutani katikati. Akasema, “Mama, nani atapima?”

Nilikata simu. Nilimlea mimi yule mtoto. Nimemvalisha sare zilizoshonwa na mimi, hakuna pindo lililowahi kwenda upande, na ananiuliza nani atapima.

Vipande vinne vilibaki kwangu, kwa kuwa mama wa binti ndiye anayevitunza. Kaniki ilikuwepo, marekani ilikuwepo, rula ya chuma hukaa kwangu. Asubuhi ya pili nilifunga mlango wa mbele. Jirani akiuliza, nina mafua.

Nilichonga sabuni mpaka ikawa kama ncha ya penseli. Nililaza rula, nikaweka nukta zote bila kuinyanyua. Nikapima mshazari mmoja, nikapima wa pili, vipimo vikalingana. Nikaweka marekani chini, kaniki juu, nikaanza kupiga bandi kutoka katikati kwenda nje, ili tabaka moja isikimbie nyingine. Halafu nikaanza mistari yenyewe, ya kulala kwanza, ya kusimama, na mwisho ya mshazari. Vidole vilikuwa vimeganda kwa baridi. Nilikuwa navipasha juu ya jiko la mkaa, nashona, navipasha tena.

Nilishona kila asubuhi nikigombana naye kichwani. Nilimjibu yale yote ambayo sikumjibu. Kimevuta, eti. Nikiwa naivuta sindano nilikuwa naivuta kwa ajili yake. Siku nyingine nilikuta mstari umekaza, kitambaa kimeanza kujikunyata kati ya mishono, ikabidi niurudie kwa ncha ya sindano, mshono kwa mshono, kuulegeza. Mwalimu wetu alikuwa akituambia usishone ukiwa na haraka. Hakutuambia lolote kuhusu hasira, labda kwao haipo.

Nikamaliza. Miraba thelathini. Nilimpelekea jirani yangu mwenye cherehani vipande vinne, changu kikiwa kimojawapo, cha mwenyekiti kikiwa chini kabisa ya sanduku langu la bati. Alivitandika, akavitazama. Akaniangalia usoni, akavitazama tena. Yeye ni mwepesi wa kuogopa.

“Na utepe?” akauliza.

“Hauhitajiki.”

Alivaa miwani akaunganisha, na kila mstari ukaingia kwa mwenzake.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Wakwe walikaa mbele, akina mama wa Mbeya na vilemba vyao virefu, wametulia. Zawadi zikapita, masufuria, vyombo, godoro, blanketi. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba sasa chama kinaleta shuka lililoshonwa kwa mikono, mshono wa Kijapani kwenye kaniki ya nyumbani, na watu wakanyoosha shingo.

Kwa desturi yetu wale wanne walioshona hulishika shuka kwenye kona nne, kila mmoja kona ya kipande chake, wanatembea nalo wakiimba mpaka mbele ya binti. Mimi nilikuwa nimekaa kiti changu cha mama harusi, nimevaa kitenge kipya, mikono juu ya mapaja. Niliona mwenyekiti anakunjuliwa kona yake. Niliona anaiangalia.

Mshono wa mtu ni kama mwandiko. Katika chama chetu tunajuana kwa mishono hata gizani ukiupapasa. Hakuwa na haja ya kuhesabu miraba.

Alisimama. Wale watatu wakaanza kuimba, naye hakuimba. Aligeuza kona ile upande wa nyuma, mbele ya watu wote, akapitisha kidole kwenye marekani. Nilijiambia aseme. Aseme tu, nami nitasimama na kusema ishirini na tisa kwenye kipaza sauti, Mbeya nzima isikie.

Akaigeuza tena, akaanza kuimba, wakatembea.

Walipolitandika mbele ya binti yangu, ukumbi ulipiga vigelegele. Mama mkwe mwenyewe alinyanyuka kitini. Alikuja akainama juu ya shuka, akafuata mstari mmoja kwa kidole kutoka kipande hadi kipande. Ikatokea kwamba kidole kiliishia kwenye kipande changu. “Jamani,” akasema, “hiki kimeshonwa na nani? Kimenyooka hivi?”

Mshereheshaji akasoma kikaratasi chake. Akasema ni cha mama mwenyekiti. Akampa kipaza sauti.

Mwenyekiti alikishika. Hakunitazama hata kidogo.

“Asanteni,” akasema. “Ni mkono wangu huo.”

Makofi. Watu walisimama. Mama mkwe akamkumbatia, akamwambia inabidi aje Mbeya akawafundishe. Mimi nilipiga makofi na wengine, nifanye nini, na mikono ilikuwa inaniuma kwa jinsi nilivyokuwa naipiga. Wiki tatu vidole vimepasuka kwa baridi, na anayekumbatiwa ni yule aliyemeza mraba mzima kwa sabuni.

Nilimfuata nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria ya pilau. Alikuwa anakunywa maji, peke yake. Sikumwamkia.

“Mkono wako,” nikamwambia. “Umesema ni mkono wako.”

“Ulitaka nisemeje?”

“Ukweli.”

Akaweka kikombe chini. “Niwaambie wakwe kwamba mama wa binti ameshika sindano? Wenzetu watatu wa chama wamesimama pale, wanaijua sheria. Wawili wana midomo. Kesho binti yako akigombana na mumewe kwa ajili ya chumvi, watasema nini? Watasema mama yake alimshonea kamba.”

“Mimi siiamini hiyo kamba.”

“Mimi ninaiamini,” akasema. “Ndiyo maana nimesema ni mkono wangu.”

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote yamepangwa, na yule mama akawa ameyakata miguu, ameniwekea deni nisilolitaka juu ya kitu nisichokiamini. Nikasema kitu pekee kilichobaki. “Ulikuwa na miraba ishirini na tisa.”

“Nilihesabu siku ile ile,” akasema. “Kile changu kiko wapi?”

“Sandukuni.”

“Usikifumue. Nitakuja kukichukua.” Akakifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaanza kwenda, kisha akageuka. “Ile kona ya chini, ulikuwa umenikasirikia sana pale. Hukuacha uzi nyuma. Ikifuliwa itavuta.”

Nilimwambia haitavuta. Nilimwambia kwa sauti mpaka wapishi wakageuka.

Alikuja kuchukua kipande chake wiki iliyofuata. Nilimpa mlangoni, sikumkaribisha ndani, naye hakuomba. Chama kinaendelea. Anachora bado vile vile, anaegesha rula kwenye mstari, na wanachama wapya wanamwiga, kwa kuwa kila mtu pale mjini amesikia jinsi alivyonyoosha shuka la sendofu ya mwanangu. Nikiwasahihisha, wananiambia mwenyekiti ndivyo anavyofanya. Nami siwezi kuwaambia chochote.

Novemba nilipanda basi kwenda Namanyere kumwona binti yangu. Shuka lilikuwa limefuliwa, linaning'inia kwenye kamba uani, kaniki imekolea weusi kwa maji. Nililizunguka kwa nje kwanza, kama ninatazama ua tu. Kisha nikainama kwenye kona ya chini.

Ilikuwa imevuta. Siyo sana. Mishono mitano au sita ilikuwa imekaza, marekani na kaniki zimejikunja pamoja, na jani la mwisho limeinamisha ncha. Niliikamata kona nikaivuta kwa mikono miwili, nikaikandamiza juu ya goti, nikapitisha vidole kama yeye anavyopitisha. Nilipoiachia ikarudi ilivyokuwa.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo.

“Na mimi niliiona,” akasema. “Kumbe hata mwenyekiti hukosea.”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Hukosea.”